Picha ya Chumba cha Nyuma

Goreth hakuwa mtu wa kuogopa nyoka, wala mbwa, wala mama mkwe. Kilichomtia baridi ni karatasi. Mtu aliyezaliwa Makazi ya Mishamo, kwa wakimbizi wa Kirundi, hata kama cheti cha uraia cha baba yake kimelala sandukuni kikiwa kimefungwa kwa mfuko wa nailoni, hujifunza mapema kwamba karatasi inaweza kukupa kitu na karatasi hiyohiyo inaweza kukunyang'anya. Kwa hiyo mtendaji wa mtaa alipomwambia aandike barua kwa mwenye nyumba wake wa zamani, aliitikia kwa adabu, akatoka ofisini akitamani angetumwa kukamata nyoka.

Mwenye nyumba huyo alikuwa Mzee Josephat, anayekaa Shanwe na kumiliki nyumba ya vyumba vitatu kule Makanyagio. Goreth alipanga hapo miaka mitano na binti yake Aurélie, mumewe Nestori akiwa shambani Mishamo na kuja mjini kila akipata nauli. Wakati wa kuingia alilipa kodi, na juu ya kodi akaweka amana ya shilingi laki mbili. Mkataba ulisema atarudishiwa akihama, ikiondolewa gharama ya kutengeneza alichoharibu, ila uchakavu wa kawaida hautahesabiwa. Sasa alikuwa amehamia Misunkumilo, mwezi ulikuwa umekatika, na kila akimpigia Mzee simu aliambiwa nyumba ameiacha kama zizi.

Hiyo pesa haikuwa ya mchezo. Ili ahame, Goreth alikopa kwenye kikundi cha akina mama na kuweka cherehani yake dhamana. Cherehani ilikuwa sebuleni kwa mwenyekiti wa kikundi, Bernadetha, imefunikwa kitenge, na Januari ilikuwa mlangoni. Ukimnyima fundi wa sare za shule cherehani mwezi wa Januari, umemnyima mwaka mzima. Wateja walikuwa wameshaanza kumuuliza, naye alikuwa akiwadanganya kwamba inafanyiwa matengenezo.

Mtendaji, mama mmoja mtulivu anayeitwa Dina, alimwelekeza vizuri. Alimwambia asiandike matusi wala malalamiko. Ataje picha za kuingia na picha za kutoka, aeleze ukuta kwa ukuta kinachoonekana, akubali kilicho chake na akatae kisicho chake, kisha amwombe Mzee arudishe amana ndani ya siku kumi na nne. Picha zisafishwe, maana picha ya kwenye simu mtu huitazama haraka na kusema haoni kitu. Nakala moja ibaki ofisi ya mtaa, na nyingine Mzee aisaini kwamba ameipokea. Akikaidi, ofisi itawaita wote wawili. Dina alisema hayo yote huku akinywa uji, kwa utulivu wa mtu ambaye si yeye atakayepeleka barua.

Goreth akaenda steshenari. Kijana wa pale akazivuta picha kutoka kwenye simu, akazichapa kwenye karatasi ngumu, akampa zikiwa bado na joto. Zile za kuingia alizipiga dalali, na zile za kutoka alizipiga Goreth mwenyewe siku ya kuhama, mbiombio, kirikuu kikimpigia honi nje na mizigo ikiwa juu. Alizipiga akiwa amesimama mlangoni mwa kila chumba bila hata kutazama vizuri.

Lazima ijulikane kwamba simu ya Goreth ilikuwa na kioo kilichopasuka. Ilimponyoka kisimani mwaka juzi, na tangu hapo kila alichokitazama humo kilikuwa na mistari, uso wa mumewe ukiwemo. Alishazoea, hata mistari hakuiona tena. Kwa hiyo alipofika nyumbani na kuzitandaza picha kitandani, akashangaa kuona kwamba picha ya chumba cha nyuma bado ina mstari.

Aliufuta kwa kidole. Haukufutika. Uliteremka kutoka pembe ya chini ya dirisha, ukapinda kidogo, ukaenda mpaka sakafuni, pale ambapo kwa miaka mitano lilisimama kabati la nguo. Na katikati, kwa urefu wa kiganja hivi, mstari haukuwa mweusi kama nyufa nyingine. Ulikuwa mweupe. Goreth akaisogeza picha kwenye mwanga. Weupe ule ulikuwa mchana wa nje. Ukuta ulikuwa umeachana kabisa.

Akaichukua picha ya kuingia. Ukuta uleule, dirisha lilelile, na palepale ulipo ufa, mkanda wa plasta mpya yenye rangi tofauti kidogo na ukuta mzima. Mzee alijua basi. Aliuziba ufa akapaka rangi, ndipo akampangisha.

Kwa kitambo kidogo Goreth alifurahi, na aibu ya furaha ile ilimkaa kwa muda mrefu baadaye. Alidhani amempata. Kisha akakumbuka migomba.

Wazazi wake walivyomlea, maji ya kuogea hayamwagwi ovyo. Unachimba mfereji mdogo kutoka bafuni, unapanda migomba mwisho wake, na maji ya uchafu yanakuwa ndizi. Kwao Mishamo kila nyumba iko hivyo, ila huko eneo ni kubwa na migomba hukaa mbali. Makanyagio nyumba zimebanana. Goreth aliipanda mahali pekee palipobaki, hatua moja kutoka ukuta wa chumba cha nyuma, na miaka mitano akaielekezea maji hapo kila siku. Nyumba yenyewe ilikuwa ya tofali za kuchoma zilizopangwa kwa udongo, saruji ikiwa nje tu kama poda ya usoni. Maji yalikuwa yakinywewa na migomba, na mengine yakinywewa na msingi.

Hapo ndipo hofu ilipokaa vizuri. Akiitaja picha hii, Mzee atasema ameua nyumba yake kwa migomba ya Kirundi, na si amana tu itakayokwenda, atadaiwa ukuta mzima. Atasema nyie wa Makazi ndivyo mlivyo. Na huenda hataishia kwa mtendaji, maana watu wa aina ile wakikasirika huanza kuuliza karatasi zako. Goreth alijua ana karatasi. Kujua hakukumsaidia.

Akaandika barua bila picha ile. Iliandikika vizuri. Kioo cha dirisha la sebuleni kilikuwa kimevunjika tangu anaingia, tazama picha ya kwanza na ya pili. Moshi kwenye ukuta wa jikoni ni uchakavu wa kawaida. Kitasa cha mlango wa mbele alikivunja yeye, na anakubali gharama yake ikatwe. Alisaini, akaikunja, na picha ya chumba cha nyuma akaitia chini ya godoro.

Usiku huo mvua ilinyesha, na hakulala.

Maana chumba kile hakikuwa kitupu, na hilo alilijua tangu mwanzo. Siku ya kukabidhi funguo alimkuta mpangaji mpya, Nyanzala, mama wa Kisukuma mwenye mtoto mchanga na mapacha wa miaka mitatu, mumewe akiwa anafuata ng'ombe porini. Alikuwa mcheshi. Alimwuliza Goreth ni chumba gani kina ubaridi, na Goreth, kwa roho safi, akamwonyesha cha nyuma.

Asubuhi akaondoka na barua kwenda kuiacha nakala kwa mtendaji. Angeweza kupita barabara kubwa. Miguu ikampeleka kwenye mtaa wake wa zamani, na kabla hajajua aseme nini, Nyanzala akamwona na kumwita kwa sauti ya furaha. Akamkaribisha barazani, akamletea kigoda na chai. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye nondo za dirisha la chumba cha nyuma. Kupitia dirisha hilo Goreth akaona kitanda. Kilisukumwa kikagusa ukuta wenye ufa, kwa sababu ndiyo pembe isiyopigwa na upepo wa mlango. Juu ya ufa Nyanzala alikuwa ametundika khanga nzuri ya njano.

"Migomba yako naitunza, dada," Nyanzala akasema. "Hata maji ya kuoshea vyombo naimwagia."

Goreth akasema asante. Alikunywa chai yote, akauliza watoto wanaendeleaje, akambeba yule mchanga kidogo, akaaga. Ufa hakuutaja. Alijiambia kwamba akilisema, Nyanzala atampigia Mzee, Mzee atauliza nani kasema, na barua itakuwa imekufa kabla haijazaliwa. Alijiambia ukuta umesimama miaka yote hiyo, utasimama na juma moja zaidi. Woga hauna shida ya hoja, unazo tele.

Ofisi ya mtaa aliiona kwa mbali, bendera imelowa na kujikunja kwenye mlingoti. Hakuingia. Aligeuka akapanda bodaboda kurudi Misunkumilo, na njia nzima mikono yake ilikuwa bado na harufu ya yule mtoto, maziwa na mafuta ya nazi. Jioni akaivuta picha chini ya godoro, akaketi na karatasi mpya. Aya aliyoiongeza ilimtoa jasho kuliko zote.

"Picha ya saba inaonyesha ukuta wa chumba cha nyuma una ufa uliopenya hadi nje. Picha ya dalali inaonyesha mahali hapohapo paliwahi kuzibwa kabla sijaingia. Mimi nilipanda migomba karibu na ukuta huo na kuelekeza maji hapo, na naamini maji yamezidisha ufa. Nakuomba, kabla ya kuzungumza habari ya amana yangu, uwatoe watu katika chumba hicho."

Aliisoma aya hiyo mara nyingi akitafuta namna ya kuondoa sentensi ya migomba. Hakuipata, kwa sababu pasipo migomba Mzee angesema ufa ni wa zamani na hauna haraka. Ilibidi ajichongee ili aaminike. Akanakili barua mara mbili zaidi, akalala bila kula.

Kesho yake mvua iliamka kabla ya watu. Aliiacha nakala ya kwanza kwa Dina, ambaye aligonga muhuri, akaanza kusoma, na kufika aya ya mwisho akamtazama Goreth kwa namna mpya. Akamwambia aende Shanwe sasa hivi amlete Mzee, yeye atamtafuta mwenyekiti wa mtaa wakutane hukohuko Makanyagio.

Mzee Josephat alikuwa sebuleni kwake akisikiliza redio. Goreth akapiga shikamoo. Mzee akaipokea kwa kunung'unika, akasema miwani yake imevunjika, kama ameleta barua basi aisome mwenyewe. Hilo Goreth hakulitegemea. Kuandika maneno na kuyatamka mbele ya mwenyewe ni vitu viwili. Akasimama katikati ya sebule, maji yakimchuruzika kwenye sakafu ya watu, akasoma.

Kwenye habari ya kioo cha dirisha Mzee alicheka puani. Kwenye kitasa alisema, "Enhe, angalau." Goreth alipofika picha ya saba sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto anayesoma risala. Alisoma mpaka mwisho. Mzee akanyoosha mkono, akazima redio.

"Kwa hiyo umekiri mwenyewe, kwa mwandiko wako," akasema. "Umebomoa nyumba yangu kwa migomba. Na pesa unataka."

Kila kitu alichokiogopa Goreth kilikuwa kimesemwa, na kwa mshangao wake bado alikuwa amesimama.

"Zishike hizo pesa, Mzee. Yule mama analaza watoto watatu pale, kitanda kimegusa ukuta. Hiyo plasta uliipiga wewe. Unajua nyuma yake kuna nini."

Mzee akaichukua picha, akaisogeza, akaitenga mbali, akaisogeza tena. Bila miwani hakuona mengi, lakini hakuhitaji kuona. Uso wake ulibadilika polepole, ukawa wa kijivu. Akainuka, akavaa koti la mvua na viatu vya mkewe, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu.

Walipanda bodaboda moja, wote wawili nyuma ya dereva, watu ambao saa hiyohiyo walikuwa wakidaiana. Makanyagio barabara ilikuwa mto. Nyanzala alikuwa barazani akipepea jiko la mkaa, akashangaa kuona mwenye nyumba na dada yake wa migomba wakiingia pamoja wamelowa.

"Watoto wako wapi?" Goreth akauliza.

Walikuwa wamelala, mvua si huwalaza. Goreth hakusubiri kukaribishwa. Alipita sebuleni, akaingia chumba cha nyuma, na kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa mchanga ukidondoka nyuma ya khanga, taratibu, kama mtu anayepepeta mchele. Hofu aliyoijua maisha yake yote, ile ya mihuri na maofisa, ilikuwa ndogo mbele ya sauti ile. Mzee akaivuta khanga. Ufa uliingia vidole vinne. Aliugusa kidogo tu, na bonge la plasta likaanguka kwenye mto wa kitanda.

Mzee akamnyanyua pacha mmoja kwa mkono mmoja kama gunia la mkaa, Nyanzala akamchukua wa pili, Goreth akamfunika mchanga kwa ile khanga, akambeba. Wakatoka. Nyanzala alitaka kurudia godoro, Mzee akamshika mkono akamzuia mlangoni. Walikuwa wamesimama barazani kwa jirani, Dina na mwenyekiti wakija wanaruka madimbwi, wakati ukuta ulipokaa chini. Haukupiga kishindo kikubwa. Uliinama ndani kama mtu mwenye kizunguzungu, tofali zikamwagikia kitanda, na nyuma yake migomba ikaonekana imesimama, mibichi, imeshiba.

Mapacha wakaanza kulia. Mzee Josephat akakaa kwenye matope na viatu vya mkewe.

Siku mbili baadaye wakakaa ofisi ya mtaa. Dina alikuwa ameiweka barua mezani na picha zote kando yake, akasoma, na safari hii hakuna aliyecheka kwenye kioo. Alipomaliza akamwuliza Mzee ana lipi. Goreth akajiandaa kwa yote, hata kuulizwa cheti, ambacho alikuja nacho kwenye mkoba.

"Migomba ni yake," Mzee akasema. "Plasta ni yangu. Na ndizi zake kila Krismasi nilikula, sikuuliza maji yanatoka wapi."

Akasema nusu ya amana atairudisha, nusu iende kwenye ukuta, na Nyanzala atalipiwa godoro na kurudishiwa kodi ya miezi iliyobaki akitaka. Dina akaandika, wakasaini. Mzee akatoa noti mfukoni mwa koti, akamkabidhi Goreth mbele ya wote. Laki moja haikutosha kuikomboa cherehani, lakini ingetosha kumfanya Bernadetha amsikilize. Goreth akazikunja, na kwa mara ya kwanza tangu ahame akahisi hewa ikiingia hadi chini ya mbavu. Hakuna aliyeuliza cheti.

Nyanzala alisaini kama shahidi, na ili asaini alimpa Goreth mtoto. Alipomaliza alibaki ameinama juu ya meza, akiitazama picha ya saba. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei.

"Dada, hii picha uliiona lini?"

Goreth angeweza kudanganya. Ofisi nzima ilikuwa ikimwona shujaa, Dina alishamwambia hivyo kwa mdomo wake. Mtoto alikuwa amemshika kidole.

"Siku moja kabla sijaja kwako," akasema.

"Siku ile ya chai."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua, ukanywa chai."

Goreth akataka kusema habari ya Mzee, ya cherehani, ya Makazi, ya karatasi. Yote yalikuwa kweli na hata moja halikutosha. Akaitikia kwa kichwa. Nyanzala akaiweka picha chini, akaisawazisha na nyingine, akazunguka meza. Akamtoa mtoto mikononi mwa Goreth taratibu, akikichomoa kidole cha Goreth kwanza kutoka kwenye ngumi ya mtoto, akamfunga mgongoni kwa ile khanga ya njano, na akatoka nje kwenye mvua.